Aya ya Kumfariji Mfiwa Iishie Wapi

Video fupi ya pole mara nyingi humfikia mfiwa tanga likishaanuliwa. Turubai na viti vya kukodi vimerudishwa, na ndugu waliokuja Kibaha kutoka Kisarawe wameshaondoka. Mama aliyefiwa na mumewe amebaki na simu yake usiku. Mwandishi wa maneno ya video hiyo hana haja ya kumweleza kifo ni nini. Kazi yake ngumu ni kuchagua aya.

Aya hukosewa kwa sababu msomaji hatazami ni nani aliyeitamka. Chukua Ayubu 1:21, inayosikika katika mazishi mengi. Yale ni maneno ya Ayubu mwenyewe, mtu aliyefiwa na watoto wake. Akiyasema mfiwa, ni imani yake. Akiambiwa na mtu ambaye watoto wake wako hai, yanakuwa amri ya kunyamaza. Warumi 8:28 nayo, ikitolewa wiki ya kwanza, humfanya mjane asikie kwamba kifo cha mumewe ni jambo jema. Paulo aliandika hayo katika sura inayozungumzia kuugua kwa viumbe vyote na kusubiri, lakini katika video ya dakika moja na nusu hakuna nafasi ya kuieleza sura nzima.

Mimi ningechagua Yohana 11. Msiba ule wa Bethania unafanana sana na wa kwetu: watu wametoka Yerusalemu kuja kuwapa pole Martha na Mariamu, na Yesu anafika siku ya nne, maziko yameshapita. Dada wote wawili wanamwambia waziwazi, katika aya ya 21 na ya 32, kwamba angekuwapo, kaka yao asingekufa. Hawakemewi. Katika aya ya 35 Yesu mwenyewe analia.

Hapo ndipo pa kuishia. Waandishi wengi husogea hadi aya ya 44, Lazaro anapotoka kaburini, kwa sababu ndiyo furaha ya habari yenyewe. Lakini mama huyu mume wake hatatoka kaburini kesho, na swali litakalobaki ni kwa nini wa Martha alirudi na wa kwake hakurudi. Tumaini la ufufuo lipo katika aya ya 25, na mchungaji anayemfahamu atalifikisha kwa muda wake, akiwa ameketi naye.

Maandishi yenyewe yanaweza kuwa hivi:

Mama, pole sana. Najua umeshaambiwa hivyo mara nyingi. Huna haja ya kunijibu.

Lazaro alipofariki, watu walikuja kukaa na dada zake. Yesu alifika siku ya nne. Martha alimwambia kwamba angekuwapo, kaka yake asingekufa. Mariamu akasema vilevile. Yesu hakuwakemea. Alipomwona Mariamu akilia, na watu waliokuwa naye, naye alilia.

Kama una swali kama lao, mwambie Mungu jinsi lilivyo. Kama huna maneno, lia.

Ukipata uji, kunywa kidogo. Asubuhi mpigie mtu mmoja uliyezoea kuzungumza naye.

Ukiyasoma polepole na kutulia kati ya mafungu, yanaijaza dakika moja na zaidi kidogo. Yakikulazimisha kukimbia, punguza maneno. Yaandike pia kwenye skrini, maana huenda anatazama bila sauti ili asiwaamshe watoto.

Muziki uwe wa chombo kimoja, gitaa au kinanda, bila ngoma. Usitumie tuni ya wimbo unaoimbwa makaburini. Katika vijiji vya Kisarawe, ambako Walutheri wapo tangu miaka ya 1890, tuni hizo watu wanazijua tangu utoto, na noti chache tu zitamrudisha mfiwa mbele ya jeneza. Anza muziki baada ya pole ya kwanza, uzime kabisa pale Yesu anapolia, usirudi tena. Pima kwa spika ya simu ya kawaida, sauti ikiwa chini: neno lolote likikupotea, muziki umezidi.

Kisarawe na Kibaha zina Waislamu wengi, na ukoo mmoja huwa na dini zote mbili. Kuchanganya aya katika video moja hakumsaidii yeyote. Kwa mfiwa Mwislamu andaa nyingine, isiyo na ala za muziki, sauti ya msemaji peke yake. Habari ya Nabii Yakubu katika Sura Yusuf, aliyemlilia mwanawe hadi macho yake yakawa meupe na akampelekea Mungu huzuni yake, inafaa kwa kiwango kilekile. Mpe shehe aisikilize kabla hujaituma.

Mwishoni usiweke namba ya sadaka, wala ombi la kusambaza, wala jina la kwaya. Mfiwa akiona namba ya kutuma pesa, kila alichoambiwa kabla yake kitaonekana kilikuwa njia ya kufika hapo.