Gesti Huhesabiwa Kwenye Kamba ya Mashuka

Ukitaka kujua gesti ya jirani ililaza wageni wangapi jana, usimuulize mwenye nyumba. Pita nyuma ya nyumba yake saa nne asubuhi utazame kamba ya nguo. Mashuka mawili yaliyoanikwa ni chumba kimoja kilicholaliwa. Mtu anayetaka kufungua nyumba ya kulala wageni yenye vyumba vichache hana budi kuanzia hapo, kabla hajaongea na fundi wala muuza magodoro, kwa sababu biashara hii huishi au hufa kwa namba moja tu: kati ya vyumba ulivyo navyo, vingapi vinalaliwa kila usiku.

Tuchukue mfano wa Makambako, mkoani Njombe. Ni mji wa njia panda: barabara kuu ya Dar es Salaam na Mbeya hukutana hapo na ile ya Njombe na Songea, na reli ya TAZARA nayo inapita. Anayeona mabasi yanavyopishana stendi atadhani vyumba vitajaa vyenyewe. Lakini abiria anayepita si mgeni anayelala. Kwa miaka mingi mabasi ya mikoani yalizuiwa kutembea usiku, na wasafiri wengi walilazimika kulala njiani. Mwaka 2023 serikali iliruhusu tena safari za usiku, na sasa abiria wa Mbeya anaweza kuupita mji mzima akiwa usingizini. Wanaobaki kulala ni wale wenye shughuli mjini: mfanyabiashara wa mbao anayesubiri mzigo, mnunuzi wa viazi, mtumishi aliyekuja semina, ndugu waliokuja msibani. Hao ndio wa kuhesabu.

Kuhesabu kwenyewe si kwa siku moja. Chagua gesti tatu zinazofanana na unayotaka kujenga, uzifuatilie wiki mbili mfululizo, ili upate katikati ya mwezi na mwisho wa mwezi, siku za kazi na wikiendi. Kisha rudia katika msimu mwingine, maana mji uliochangamka wakati wa mavuno unaweza kupoa kabisa mvua zikikolea. Kamba ina kasoro zake: mgeni wa siku tatu huenda asibadilishiwe mashuka kila siku, na siku ya mvua hayaanikwi nje. Kwa hiyo lala humo mara mbili tatu, na saa tatu usiku utazame ubao wa funguo mapokezi. Funguo zinazoning'inia ni vyumba vilivyolala tupu.

Sasa tufanye hesabu ya nyumba ya kupanga yenye vyumba 8 vya selfu, kila kimoja shilingi 20,000 kwa usiku. Bei zote hapa ni za mfano. Weka za mji wako. Vyumba 8 kwa siku 30 ni nafasi 240 za kuuza. Kila chumba kikilaliwa, gharama huondoka papo hapo: sabuni, maji, umeme wa kupasha maji, tishu, pamoja na ushuru wa halmashauri. Tuseme shilingi 4,000. Zinabaki 16,000. Lakini kuna gharama zisizojali kama mgeni amekuja au hakuja: kodi ya nyumba, mishahara ya wahudumu wawili na mlinzi, king'amuzi, akiba ya matengenezo. Tuseme zinafika 1,280,000 kwa mwezi. Gawa kwa 16,000 upate 80. Mauzo 80 ya kwanza kila mwezi, yaani theluthi moja ya nafasi zako, ni ya kulipa tu. Faida huanzia chumba cha 81.

Sasa linganisha na samani. Kitanda, godoro, mashuka, mablanketi, taulo, pazia, neti, meza, kiti na runinga vikifika shilingi 1,200,000 kwa chumba, nyumba nzima ni 9,600,000. Ukiuza mara 108 kwa mwezi, unabaki na 448,000, na fedha ya samani inarudi kwa karibu miezi 22. Ukiuza mara 86, ambayo ni pungufu ya chini ya chumba kimoja kwa usiku, unabaki na 96,000 tu, na samani zitajilipa baada ya miaka minane na zaidi. Magodoro yatakuwa yamebonyea zamani. Kwa hiyo ukikisia, kisia kwa kujipunja, na miezi ya mwanzo usijipe zaidi ya nusu ya wanachopata majirani.

Katika samani, wengi hutumia fedha nyingi kwenye runinga na kubana kwenye mashuka. Kila kitanda kinahitaji pea tatu: moja kitandani, moja kwenye maji au kambani, moja kabatini. Makambako kuna baridi na ukungu, na shuka nzito inaweza kukaa kambani siku mbili. Mwenye pea mbili atafika jioni moja ana chumba, ana mgeni mlangoni, ila hana shuka kavu. Nunua nyeupe za pamba. Doa huonekana, ndiyo, lakini huloweshwa kwenye jiki likatoka. Shuka ya rangi ikiguswa na jiki imeharibika.

Usafi una adui mmoja anayefunga nyumba: kunguni. Huletwa na begi la mgeni. Mhudumu anapotandika, ainue godoro atazame mishono na maungio ya kitanda. Vidoto vyeusi kama vya wino, au alama ndogo za damu kwenye shuka, ni dalili tosha. Chumba kifungwe siku hiyo hiyo, mashuka yafuliwe kwa maji ya moto sana, na dawa ipigwe tena baada ya wiki mbili hivi, kwa kuwa mayai huweza kuponea dawa ya kwanza. Kitanda cha chuma huwapa maficho machache kuliko cha mbao.

Oda za vyumba nazo ziwe na daftari moja na simu moja. Matatizo huanza pale mwenye nyumba anapopokea oda kwenye simu yake, mhudumu kwenye yake, na watu wawili wakafika kwa chumba kimoja. Aliyetuma fedha kwa simu, chumba ni chake hata akifika usiku wa manane. Ambaye hajatuma anawekewa hadi saa kumi na mbili jioni, na aambiwe hivyo tangu anapopiga. Ukiwa Moshi au Paje, ambako watalii huagiza kwa mtandao, kumbuka kukata kamisheni ya mtandao huo kwenye hesabu, na kukifunga chumba huko mara tu unapokiuza mapokezi.

Mwisho, kila anayelala aandikwe kwenye kitabu cha wageni: jina, kitambulisho, anakotoka, anakokwenda. Polisi wanaweza kukidai, na wewe mwenyewe unakihitaji. Siku utakayokuta kitabu kina majina manne lakini kambani yapo mashuka kumi, keti na mhudumu wako muongee. Huenda alibadilisha ya mgeni anayeendelea, au huenda chumba kimeuzwa bila kuandikwa. Vyovyote iwavyo, kamba iliyokupa makisio kabla hujafungua ndiyo itakayokulindia mapato baada ya kufungua.