Mkutano Mmoja, Chaneli Mbili

Tuseme wanawake wanaolima mwani Paje, pwani ya mashariki ya Unguja, wana kikao cha mtandaoni na wanunuzi walioko Ulaya. Wanunuzi wanazungumza Kiingereza, wakulima wanazungumza Kiswahili. Njia iliyozoeleka ni kumweka katikati mtu mmoja anayezijua lugha zote mbili: mkulima anasema, ananyamaza, yule anafasiri, mnunuzi anajibu, ananyamaza tena. Kikao cha saa moja kinakuwa cha saa mbili, na huyo wa katikati, kwa kuhofia muda, anafupisha. Mkulima ametumia dakika tano kueleza jinsi kotonii, mwani wenye bei nzuri zaidi, unavyokufa maji ya kina kifupi yakipata joto. Mnunuzi anafikishiwa sentensi mbili.

Ukalimani wa papo kwa papo unaondoa kusubiriana huko. Mkulima anazungumza bila kukatizwa, mkalimani anafuata nyuma yake kwa sekunde chache, na kila msikilizaji anachagua lugha anayotaka kuisikia. Zamani hilo lilihitaji vibanda vya wakalimani na mitambo ya kukodi. Leo Zoom inayo huduma hiyo ndani yake, ingawa si kwa akaunti ya bure: mwenye mkutano lazima awe na akaunti ya kulipia, Pro au zaidi. Wanaoalikwa hawahitaji kulipa chochote.

Kazi inaanza kwenye tovuti ya Zoom, kabla ya siku ya mkutano. Mwenye akaunti anaingia Settings, kwenye sehemu ya Meeting, na kuwasha Language Interpretation. Hapo ataona orodha ya lugha. Kama Kiswahili hakimo, anakiongeza mwenyewe kwa kukiandika jina, nacho kitafanya kazi sawasawa na lugha nyingine, kwa sababu chaneli ni bomba la sauti tu. Anayetoa lugha ni binadamu anayezungumza ndani yake. Kisha, anapopanga mkutano, anachagua namba ya mkutano itengenezwe upya badala ya kutumia ile namba yake binafsi ya kudumu, maana kwa namba hiyo ya kudumu huduma haipatikani. Anaweka alama kwenye kisanduku cha ukalimani, anaandika barua pepe ya kila mkalimani, na kutaja lugha zake mbili: Kiswahili na Kiingereza.

Barua pepe hiyo ndiyo inayovuruga mikutano mingi dakika za mwanzo. Zoom inamtambua mkalimani kwa anwani aliyoingia nayo. Uliandika anwani yake ya kazini, yeye ameingia kwa ile ya binafsi, basi kwa mtambo yeye ni mshiriki wa kawaida: haoni vitufe vya lugha, na hana pa kuzungumzia. Hilo linatibika. Mwenyeji anabonyeza Interpretation na kumteua kwa jina miongoni mwa waliokwisha kuingia. Ila mwenyeji awe kwenye kompyuta. Kwa programu ya simu ya mkononi unaweza kusikiliza chaneli, lakini huwezi kuanzisha wala kusimamia ukalimani.

Wakati ukifika, mwenyeji anabonyeza Start. Washiriki wanaona alama ya tufe la dunia chini ya skrini. Wenye simu wanaikuta ndani ya More. Mnunuzi anachagua Kiingereza, mkulima anachagua Kiswahili. Anayebaki kwenye Off anasikia sauti ya awali, yaani lugha yoyote inayozungumzwa wakati huo. Aliye kwenye chaneli anamsikia mkalimani kwa nguvu, na mzungumzaji mwenyewe anasikika kwa chini, nyuma yake.

Jambo linalohitaji kueleweka vizuri ni kwamba chaneli hupewa jina la lugha ya msikilizaji. Mkulima akizungumza Kiswahili, mkalimani anapeleka sauti kwenye chaneli ya Kiingereza. Mnunuzi akijibu kwa Kiingereza, mkalimani anabonyeza kitufe cha pili na kuhamia chaneli ya Kiswahili. Kila lugha inapobadilika ukumbini, mkalimani anabadili mwelekeo, kwa mkono, huku akili yake ikiwa bado inamalizia sentensi iliyopita. Akisahau kubonyeza, Kiswahili chake kinatokea kwenye masikio ya wanunuzi, na wakulima wanasikia Kiingereza kitupu. Dalili yake ni rahisi kuiona: nusu ya nyuso kwenye skrini zinaanza kuangalia pembeni, au mtu anaandika kwenye ujumbe kwamba hasikii tafsiri.

Sasa fikiria mzungumzaji wa kwetu. Ofisa wa mradi aliyeko Dar es Salaam anaanza kwa Kiswahili, katikati ya sentensi anataja masharti ya mkataba kwa Kiingereza, anarudi kwenye Kiswahili, anamalizia kwa Kiingereza. Mezani hakuna atakayeona ajabu. Kwenye chaneli mbili, mkalimani hana namna ya kubonyeza kwa kasi hiyo, na hata angeweza, wasikilizaji wangepata vipande vipande kila upande. Ndiyo maana nashikilia kwamba kanuni ya kwanza ya mwenyekiti, itangazwe kabla hata ya ajenda, iwe hii: ukishika zamu, chagua lugha moja na ukae nayo mpaka umalize. Neno moja moja la Kiingereza ndani ya Kiswahili halina shida, mkalimani analimudu. Tatizo ni sentensi nzima kugeuka.

Kanuni ya pili inamhusu pia mzungumzaji. Anayezungumza Kiswahili awe amechagua chaneli ya Kiswahili. Akibaki kwenye Off, wenzake walio kwenye chaneli hiyo wanaweza kumsikia kwa ile sauti ya chini, wakadhani maikrofoni yake ni mbovu. Na wasikilizaji wasikimbilie kile kitufe cha Mute Original Audio. Kinavutia, maana kinaondoa sauti ya nyuma na kumwacha mkalimani peke yake. Lakini katika mkutano ambao lugha zinapokezana, mkulima aliyekibonyeza anaweza kukuta kimya mwenzake wa Jambiani anapozungumza Kiswahili, kwa sababu wakati huo mkalimani yuko upande wa Kiingereza na sauti ya ukumbi imezimwa.

Tukirudi Paje, huenda kila mkulima hana simu yake ya kuingilia kikaoni. Huenda wamekaa kumi na wawili kwenye chumba kimoja na simu moja iliyounganishwa na spika. Simu moja ina chaneli moja, basi chumba kizima kitasikia Kiswahili, na hilo linafaa. Mgeni wao asiyejua Kiswahili ndiye atakayehitaji simu yake na visikilizio vyake. Hatari iko kwenye maikrofoni ya simu ile ya pamoja. Ikiachwa wazi, inanasa sauti ya mkalimani inayotoka kwenye spika na kuirudisha ukumbini, naye mkalimani anajisikia mwenyewe akizungumza nyuma yake kwa kuchelewa. Hakuna anayeweza kufanya kazi namna hiyo. Mama mmoja akabidhiwe simu, na kazi yake iwe kufungua maikrofoni mwenzake anapoanza kusema na kuifunga akimaliza.

Simu hiyo iingie kwa programu ya Zoom na bando la intaneti. Anayepiga namba ya kawaida ya simu kujiunga na mkutano atasikia sauti ya awali peke yake, chaneli hazimfikii. Vilevile, mkigawanyika katika vyumba vidogo vya majadiliano, ukalimani unabaki chumba kikuu. Kama mlipanga majadiliano ya vikundi, kila kikundi kiwe cha lugha moja, au kiwe na mtu wa kufasiri kwa zamu kama zamani.

Wakalimani wenyewe wawe wawili. Akili ya mtu anayesikiliza lugha moja huku akizungumza nyingine huchoka haraka, na desturi ya kazi hiyo ni kupokezana kila baada ya dakika 20 hadi 30. Mwenye kikao akijaribu kuokoa fedha kwa kumchukua mmoja wa kufanya saa mbili mfululizo, ataona matunda yake baada ya nusu saa ya kwanza: tarakimu zinaanza kupotea, sentensi zinakatika. Kupokezana nako kuna mtego. Wote wawili wakifungua maikrofoni kwenye chaneli moja, wasikilizaji wanawasikia kwa pamoja, tena kwa kawaida mkalimani aliyeko kazini anasikia ukumbi na si mwenzake. Kwa hiyo wengi huingia mkutanoni kwa simu ya pili kama wasikilizaji wa kawaida, wavae kisikilizio kimoja cha simu hiyo, na kupeana ishara kwa WhatsApp: "Nimalizie mzungumzaji huyu, kisha pokea."

Wakalimani wanaomba pia maneno mapema. Mtu anaweza kuwa bingwa wa lugha zote mbili na asijue tai-tai ni zile kamba fupi za kufungia mwani kwenye kamba kuu, wala jinsi spinosamu inavyotofautiana na kotonii. Ukurasa mmoja wa istilahi, pamoja na hotuba au takwimu zitakazosomwa, upelekwe siku mbili kabla. Takwimu ndizo ngumu kuliko zote, na saa zina hatari yake: mkulima akisema mzigo utakuwa tayari saa 3 asubuhi, mnunuzi anatakiwa kusikia saa ya tisa kwa hesabu yake.

Kasi nayo inahitaji mlinzi. Katika kesi za Nuremberg zilizoanza mwaka 1945, ambako ukalimani wa namna hii ulitumika kwa upana kwa lugha nne, msikilizaji alikuwa na swichi ya chaneli kwenye kiti chake, chaneli ya kwanza ikiwa sauti ya awali. Mbele ya mzungumzaji kuliwekwa taa: ya njano ilimwambia apunguze mwendo, nyekundu ilimwambia asimame. Kwenye Zoom taa hizo hazipo, lakini mwenyekiti anaweza kupokea ujumbe wa mkalimani na kusema, "Bi Mwenyekiti wa ushirika, samahani, polepole kidogo." Anayesoma karatasi ndiye wa kuangaliwa zaidi, kwa kuwa mtu akisoma hukimbia na hapumui mahali ambapo angepumua akizungumza.

Siku moja kabla, watu wanne wanatosha kujaribu mitambo: mwenyeji, wakalimani wawili, na msikilizaji mwenye simu ya aina ileile itakayotumika Paje. Mmoja azungumze Kiswahili dakika mbili, kisha Kiingereza dakika mbili, na msikilizaji aseme alichosikia kwenye kila chaneli. Siku yenyewe, teua mtu mmoja kila chaneli ambaye kazi yake pekee ni kusikiliza na kumwandikia mwenyeji sauti ikipotea.

Mwisho, kumbukumbu. Zoom ikirekodi kwenye hifadhi yake ya mtandaoni, kwa kawaida inachukua sauti ya awali, bila wakalimani. Wakulima wakitaka rekodi ya Kiswahili tupu, na wanunuzi ya Kiingereza, washiriki wawili wenye kompyuta wapewe ruhusa ya kurekodi kwenye mashine zao, mmoja akiwa kwenye chaneli ya Kiswahili na mwingine kwenye ya Kiingereza, kwa maana rekodi ya namna hiyo inanasa kile ambacho mwenye kompyuta anakisikia. Wakalimani waulizwe kwanza kama wanakubali sauti zao zihifadhiwe, na jibu lao liandikwe kwenye makubaliano ya kazi kabla ya kikao.