Mifuo ya Mshazari: Jinsi Mwanga Unavyokusanywa Upande Mmoja

Wanafunzi wetu, bila shaka mmeona rangi zinazotokea sidii ikiinamishwa juani. Hazikupakwa, bali zinaletwa na mifuo yake myembamba. Leo tutazame bamba linaloakisi mwanga, lililochongwa makusudi kwa kazi hiyo, lenye mifuo 1,200 katika kila milimita. Kutoka mfuo hadi mfuo ni nanomita 833. Nafasi hiyo tuiite d.

Mwanga ukija kwa mshazari haufiki kwenye mifuo yote kwa pamoja. Tuchore mstari wa wima juu ya bamba, na pembe kati yake na mwanga unaokuja tuiite a. Basi kati ya mfuo mmoja na jirani yake kuna tofauti ya safari ya d sin a. Ukiondoka kwa pembe b, huongezeka d sin b. Mawimbi hutiana nguvu pale tu jumla hiyo inapokuwa idadi kamili ya mawimbi:

d (sin a + sin b) = m w

Hapa w ni urefu wa wimbi, na m ni daraja: 0, 1, 2 na kuendelea. Mwanga ukitoka upande wa pili wa mstari wa wima, b huwa hasi. Kwa hiyo m ikiwa 0, bamba hufanya kama kioo cha nyumbani: rangi zote huenda njia moja, wala hazichambuliwi. Hasara ni kwamba mara nyingi mwanga mwingi hupotelea huko.

Mwaka 1910 Mmarekani Robert Wood alionyesha dawa yake. Kila mfuo huchongwa kama jino la msumeno, na ubavu wake uliolala huwa kioo kidogo. Ubavu ukiinama kwa pembe g, huakisi mwanga pale ambapo a + b = 2g. Kinachobaki ni kuchagua g ili mwelekeo huo uangukie daraja tunalolitaka.

Tuchukue mwanga wa kijani wa nanomita 500, daraja la 1, urudi ulikotoka, yaani a na b zilingane. Jumla ya saini ni 500 ÷ 833, yaani 0.6. Kila moja ni 0.3, nayo ni pembe ya digrii 17.5. Basi g nayo iwe digrii 17.5.

Tuangalie hapa, maana wengi huchanganya: kuinamisha ubavu hakuhamishi rangi. Mahali pa rangi hupangwa na d na a. Ubavu hugawa wingi tu. Nanomita 600 zitatoka kwa digrii 24.8, mbali kidogo na mwelekeo wa ubavu, kwa hiyo hufifia kiasi. Bamba likigeuzwa kinyume, rangi hubaki palepale lakini hufifia sana; ndiyo sababu mengi huwekewa mshale.

Tena, nanomita 250 katika daraja la 2 hutoka njia ileile ya kijani, kwani 2 × 250 ni 500. Kipande cha kioo cha kawaida kikiwekwa mbele huuzuia mwanga huo usioonekana, na kijani hupita.