Siku 4 za likizo, mapumziko ya siku 10: Hesabu ya Desemba 2026

Wafanyakazi wengi Tanzania wanajua wana likizo ya mwaka ya siku 28. Wasichojua ni kwamba siku hizo huhesabiwa mfululizo, na Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inasema sikukuu ikiangukia ndani ya likizo, nayo imo kwenye hesabu. Ukijaza fomu vibaya, Krismasi inakula likizo yako.

Ujanja ni kuanza likizo baada ya sikukuu na kuimaliza kabla ya inayofuata.

Hesabu yenyewe

Mwaka 2026, Krismasi ni Ijumaa, tarehe 25, na Jumamosi ya tarehe 26 pia ni sikukuu. Mwaka Mpya nao unaangukia Ijumaa. Kati yake kuna siku nne tu za kazi, Jumatatu tarehe 28 hadi Alhamisi tarehe 31.

Mfanyakazi wa Dar es Salaam anayepumzika Jumamosi na Jumapili akiomba siku hizo nne, anakaa nje ya ofisi kuanzia tarehe 25 hadi Jumapili, Januari 3. Hizo ni siku 10. Akiandika kwenye fomu "Desemba 25 hadi Januari 3", anakatwa siku zote 10 kwa safari ileile.

Shule nazo huwa zimefungwa, hivyo watoto hawakosi masomo. Familia inaweza kwenda Moshi kuwaona babu na bibi, kisha wakati wa kurudi ikakunja Segera na kumalizia siku mbili Tanga, baharini.

Panapoharibika

Kwanza ni usafiri. Mabasi ya Moshi na Arusha hujaa siku za kuelekea Krismasi. Anayetaka kuondoka Alhamisi tarehe 24 aombe siku hiyo peke yake, halafu aombe 28 hadi 31. Jumla ni siku tano. Akiunganisha kuanzia 24 hadi 31, zinakuwa nane. Tiketi ya kurudi ikatwe mapema pia, maana mwanzoni mwa Januari wazazi wengi wanawahi shule kufunguliwa.

Pili ni mwajiri. Yeye ndiye anayepanga lini uende, na kwa kuwa sheria inazungumzia siku mfululizo, kuigawa likizo vipande ni makubaliano. Omba mapema, kwa maandishi, kabla wenzako hawajaziwahi tarehe hizo.

Tatu ni ratiba ya kazi. Kama Jumamosi ni siku yako ya kazi, Januari 2 nayo lazima uiombee. Wanaofanya kazi kwa zamu waangalie kwanza kama wamepangwa siku ya sikukuu.

Kabla ya kusaini, muulize ofisa rasilimali watu swali moja: "Nitakatwa siku ngapi?" Jibu likizidi nne, angalia tena tarehe ulizoandika.