Maneno ya Kuweka Chini ya Picha ya Kipini Kipya

Marafiki wakiona picha yako ya kipini kipya au tatuu mpya, macho yao huishia kwenye picha. Mama, shangazi na wajomba husoma na maneno yaliyo chini yake, tena kwa makini, kwa sababu wanatafuta jibu la swali moja: mtoto huyu amefanya hivi kwa kupenda, au ametukusudia sisi? Kwa hiyo kepsheni ya mistari miwili inaweza kuzua ugomvi ambao picha peke yake isingeuzua.

Tumchukue binti wa miaka 24, mzaliwa wa Tanga, anayefanya kazi Dar es Salaam. Ametoboa pua upande wa kushoto. Shoga zake wanamshauri aandike: “Mwili wangu, maisha yangu, asiyependa apite.” Ubaya wa maneno haya ni kwamba hakuna ndugu aliyekuwa amesema kitu. Binti anajibu lawama ambazo hazijatoka kinywani mwa mtu, na shangazi akisoma tu anajua kuwa ndiye anayesemwa. Anageuka upande wa pili, anaandika: “Mama nisamehe, najua utachukia.” Hapo amejihukumu mwenyewe, na kila ndugu atakayemkaripia atakuwa na ushahidi kwamba hata yeye alijua anakosea.

Kepsheni zote mbili zinawazungumzia ndugu. Inayofaa inakizungumzia kipini. Hatimaye akaandika hivi:

“Kipini kimekaa. Nilikitaka tangu nipo sekondari, nikasubiri mpaka nijitegemee. Bibi alivaa cha dhahabu, mimi nimeanza na cha titani.”

Neno “nilikitaka” linaonyesha uamuzi, bila kuomba ruhusa wala kumsukuma mtu. Kusubiri kunawaambia wazazi kwamba hakukurupuka. Bibi ametajwa kwa sababu kweli alivaa. Wanawake wa pwani wamevaa vipini na hazama puani tangu zamani, na mjomba atapata tabu kukiita kitu cha bibi uhuni wa mjini. Kama bibi yako hakuvaa, usimtaje, maana ndugu wanamjua kuliko unavyomjua wewe. Titani nayo inamtuliza mama anayeogopa kidonda, kwa kuwa haiwashi ngozi kama vipini vya bei rahisi vyenye nikeli.

Tatuu ni jambo jingine, na kepsheni ya kipini haiifai. Wanazuoni wengi wa Kiislamu huikataza tatuu ya kudumu ingawa hina inaruhusiwa, na Wakristo wengi wanaoipinga hutaja Mambo ya Walawi 19:28. Kuwakumbusha kwamba wazee wa Kimakonde walichanjwa chale usoni hakutasaidia, kwa sababu nyumba inayopinga kwa imani haibishani nawe kuhusu mila. Hapa nasisitiza jambo moja: usiweke jina la Mungu chini ya picha hiyo. Wengi huandika “Asante Mungu” kwa mazoea tu, lakini kwa mzazi anayeamini kuwa tatuu ni dhambi, maneno hayo yanauma kuliko wino wenyewe. Sema mchoro ni wa nini, kisha nyamaza: “Tarehe aliyozaliwa mwanangu. Nimeichora mkononi niione kila siku.”

Siku ya kuweka picha nayo ina uzito. Tatuu mbichi huwa nyekundu na imevimba, halafu hubambuka, na kwa kawaida ngozi ya juu hufunga baada ya wiki 2 hadi 4. Tundu la pua huchukua miezi kadhaa kupona ndani, ingawa uvimbe wa mwanzo huisha mapema zaidi. Picha ya siku ya kwanza inamwonyesha mama jeraha, na hakuna kepsheni itakayomfanya aone pambo.

Wako wanaotegemea kuwaficha ndugu. WhatsApp ina sehemu ya “My contacts except...” unayoweza kuitumia kuwaondoa watu fulani kwenye stetasi, lakini mabadiliko hayo hayaigusi stetasi uliyokwisha kuiweka. Tena binamu mmoja akipiga picha ya skrini, itafika kwenye kundi la ukoo kabla ya magharibi, na safari hii bila maelezo yako. Mzazi aliyegundua kuwa alifichwa huwa na hasira mbili, ya tatuu na ya kudharauliwa.

Mama mkubwa akikukemea mbele ya watu, mjibu kwa kifupi: “Shikamoo mama mkubwa, nitakupigia jioni.” Kisha umpigie kweli. Na aliyekuzaa asikie habari hii kwa sauti yako kabla hajaiona kwenye simu ya jirani. Mpigie kwanza, umsikilize hadi amalize, ndipo uweke picha.