Kutoka lita kwa kilomita 100 hadi kilomita kwa lita: namna ya kubadili orodha nzima

Dereva wa Dar es Salaam au Mombasa akitaka kujua gari linakula mafuta kiasi gani, huuliza lita moja inakwenda kilomita ngapi. Vijitabu vya magari ya Ulaya havijibu hivyo. Vyenyewe hutaja lita zinazotumika kwa kila kilomita 100. Kwa gari moja, kutoka lugha moja kwenda nyingine ni hesabu ya sekunde chache. Kazi huanza pale mhasibu au msimamizi wa usafirishaji anapokuwa na orodha nzima, anataka kuibadilisha yote kwa mkupuo, kisha atoe humo wastani na bajeti ya mafuta.

Kanuni ni moja: gawanya 100 kwa idadi ya lita. Gari linalotumia lita 8 kwa kilomita 100 linakwenda kilomita 12.5 kwa lita, kwa sababu 100 gawanya kwa 8 ni 12.5. Kanuni hiyohiyo hurudi ilikotoka: 100 gawanya kwa 12.5 ni 8.

Tuchukue mfano wa ofisi yenye magari matano. Kwenye Excel, majina ya magari yako safu A na lita kwa kilomita 100 ziko safu B, kuanzia mstari wa pili. Katika kisanduku C2 andika:

```
=100/B2
```

Kisha shika kona ya chini kulia ya kisanduku hicho na uiburute hadi mwisho wa orodha. Kila mstari utachukua namba yake wenyewe, na matokeo yatakuwa haya:

- Gari dogo: lita 5, yaani kilomita 20 kwa lita
- Saluni: lita 6.4, yaani kilomita 15.6 kwa lita
- Pikapu: lita 8, yaani kilomita 12.5 kwa lita
- Basi dogo: lita 10, yaani kilomita 10 kwa lita
- Gari kubwa la safari: lita 12.5, yaani kilomita 8 kwa lita

Orodha imejigeuza. Namba iliyokuwa ndogo kuliko zote upande wa lita imekuwa kubwa kuliko zote upande wa kilomita. Kwa hiyo anayepanga magari kuanzia linalokula kidogo abadili pia mwelekeo wa kupanga, la sivyo gari baya litakaa juu kabisa. Angalia pia basi dogo: kwenye 10 vipimo viwili vinakutana. Gari lolote linalotumia chini ya lita 10 lazima litoke na zaidi ya kilomita 10, na linalotumia zaidi ya lita 10 lazima litoke na chini ya kilomita 10. Mstari unaovunja kanuni hiyo una kosa, na jicho hulikamata bila kikokotoo.

Kosa jepesi ni kisanduku kitupu. Excel itaonyesha #DIV/0!, maana imeambiwa igawanye kwa sifuri. Lingine ni koma. Orodha za Ujerumani au Ufaransa huandika 6,4 pale sisi tunapoandika 6.4. Zikinakiliwa, koma hiyo inaweza kupotea na namba ikawa 64. Jibu litakuwa 1.6, yaani saluni isiyofikisha hata kilomita mbili kwa lita. Ukiona jibu la namna hiyo, rudi ukaitazame namba ya awali.

Kosa la hatari zaidi ni lile linalotoa jibu lenye sura nzuri. Magari mengi yaliyotumika yanayoingia Afrika Mashariki yanatoka Japani, na huko takwimu rasmi za mafuta hutolewa kwa kilomita kwa lita. Tuseme mtu ameongeza kwenye orodha gari dogo la Japani na kuandika 18, kama alivyoisoma kwenye tangazo la muuzaji. Fomula haijui kuwa hizo tayari ni kilomita. Itagawanya na kutoa 5.6, na gari dogo litaonekana linakula mafuta kuliko gari kubwa la safari. Dawa yake ni kuweka kipimo katika safu yake, tuseme D, na kuiambia fomula ikisome kwanza:

```
=IF(D2="L/100km",100/B2,B2)
```

Hata hapo kuna mpaka. Kufanana kwa kipimo hakufanyi majaribio yawe sawa. Ulaya ilianza mwaka 2017 kuhama kutoka jaribio la NEDC kwenda WLTP, lililo karibu zaidi na uendeshaji wa kawaida, na Japani imekuwa na taratibu zake kama 10-15 na JC08. Kugawanya hakuwezi kuondoa tofauti hiyo.

Sasa tufike kwenye wastani, ambako bajeti nyingi huharibika. Mhasibu ameshapata safu C, anachukua wastani wa kilomita kwa lita na kupata 13.2. Magari yote matano yakitembea kilomita 1,000 kila moja, jumla ni kilomita 5,000. Anagawanya kwa wastani huo na kuomba lita 378.

Tuhesabu gari kwa gari. Gari dogo litatumia lita 50, saluni 64, pikapu 80, basi dogo 100 na gari kubwa 125. Jumla ni lita 419. Bajeti imepungua lita 41, ingawa kila mstari wa orodha ulikuwa sahihi. Sababu ni kwamba kila gari limetembea umbali uleule, lakini mafuta hayakugawanyika sawa. Gari kubwa limekunywa mara mbili na nusu ya gari dogo, na wastani wa kilomita kwa lita haulioni hilo. Chukua wastani wa safu B kwanza, ambao ni 8.38, kisha ndipo ugawanye 100 kwa huo. Utapata 11.9, na hesabu ya lita 419 itakaa sawa. Magari yakitofautiana umbali, gawanya jumla ya kilomita zote kwa jumla ya lita zote.

Mtego huohuo upo kwenye kuchagua gari la kubadilisha. Ukiuza saluni ya kilomita 15.6 na kununua ya kilomita 20, unaona umepata zaidi ya kilomita nne kwa lita. Ukibadilisha gari la kilomita 8 kwa la kilomita 10, unaona umepata mbili tu. Rudi safu B: badiliko la kwanza linaokoa lita 1.4 kwa kila kilomita 100, la pili linaokoa lita 2.5. Mwaka 2008 watafiti wa Marekani, Richard Larrick na Jack Soll, walionyesha katika jarida la Science kuwa watu hudanganyika hivi wanaposoma maili kwa galoni, kipimo chenye umbo lilelile la kilomita kwa lita.

Basi usifute safu ya lita baada ya kubadilisha. Kilomita kwa lita mpe dereva, maana ndicho kipimo anachokijua. Jumla, wastani, bajeti na uamuzi wa gari lipi liuzwe, vitoe kwenye lita, kisha badilisha jibu la mwisho tu.