Jumla Sahihi, Mchele Wenye Kasoro

Nilipiga picha risiti ya duka iliyoanza kufifia, nikaiachia modeli ya akili mnemba initolee bidhaa na jumla. Ikaleta sukari kilo 2 kwa 3,200 kila kilo, mchele kilo 3 kwa 2,300, mafuta chupa moja 7,500. Jumla 22,300. Orodha ilipendeza, ila kikokotoo changu kilitoa 20,800.

Modeli haikuwa imejumlisha chochote. Ilinakili tu jumla iliyochapwa chini ya risiti. Pengo la 1,500 ukiligawa kwa kilo 3 za mchele unapata 500 kamili. Nikaikuza picha: bei ilikuwa 2,800, nane imefifia upande wa kushoto, ikasomwa tatu. Makosa mawili yanayofidiana, lakini, kikokotoo hakiyaoni.